Kukagua sini moja ya skripti: maneno yanayoeleza mno, mvutano uliolala na maelezo yasiyopigika picha

Mkaguzi wa skripti akikuta wahusika wanaelezana mambo wanayoyajua tayari, huwa anakimbilia kufuta. Anafuta sentensi tatu, sini inafupika, lakini ugonjwa unabaki palepale: watu wawili wamekaa wanaongea, na hakuna kilichosogea. Ni kwa sababu makosa haya matatu mara nyingi yana mzizi mmoja. Mwandishi ana taarifa anazotaka zimfikie mtazamaji, na hajawapa wahusika kitu cha kugombania ndani ya chumba kile. Taarifa zikikosa njia zinamwagikia kwenye maelezo ya kitendo, na ukizifukuza huko zinahamia midomoni mwa watu. Ndiyo maana mpangilio wa ukaguzi una umuhimu wake. Anza na maelezo, nenda kwenye mvutano, na maneno yaje mwisho.

Tutatumia sini moja ya mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ya Marangu, Desemba, wakati Wachaga wa mijini wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, na ugomvi wake ni juu ya kihamba, yaani shamba la migomba la familia linalozunguka nyumba. Imeandikwa hivi:

NDANI. SEBULE, NYUMBANI KWA MAMA, MARANGU – JIONI

ELISANTE (42) ameketi kwenye kochi. Anakumbuka jinsi baba alivyompenda kuliko wadogo zake, na anajuta kutokuja mazishini. NDESHI (30) anaingia na chai. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na amekuwa akimuuguza mama kwa miaka minne.

ELISANTE: Mdogo wangu Ndeshi, kama unavyojua, mimi nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na tano nikiuza vipuri.

NDESHI: Ndiyo kaka, na tangu baba afariki mwaka jana mimi ndiye ninayemtunza mama na kihamba hiki.

ELISANTE: Biashara imeyumba na benki inanidai. Nataka tukiuze kihamba.

NDESHI: Hapana, kaka. Siwezi kukubali.

ELISANTE: Lazima tukiuze.

NDESHI: Nimesema hapana.

ELISANTE: Wewe ni mbinafsi.

NDESHI: Mbinafsi ni wewe.

Ndeshi anahisi uchungu wa miaka yote aliyovumilia. Anatoka.

Hatua ya kwanza: isikilize kabla ya kuisahihisha

Chapa sini kwenye karatasi, fonti ya Courier ukubwa wa 12, na uache pambizo pana upande wa kulia. Kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Makadirio hayo ni ya skripti nzima, hayaaminiki kwa sini moja, kwa hiyo weka saa ya simu. Tafuta watu wawili wasome mazungumzo kwa sauti, na wa tatu asome maelezo. Huyu wa tatu mpe sharti moja: asome kile tu ambacho jicho lingekiona au sikio lingekisikia. Kingine chote akiruke kimyakimya.

Awepo na msikilizaji ambaye hajawahi kuiona skripti. Wakimaliza, muulize: hawa ni nani kwa nani, kila mmoja alitaka nini, na kitu gani kimebadilika tangu sini ilipoanza? Andika majibu yake kama alivyosema, usimsaidie.

Zoezi hili linafichua jambo ambalo mkaguzi peke yake halioni kirahisi. Aliyesoma kwa macho anajua kwamba Elisante anajuta. Aliyesikiliza hajui, kwa sababu majuto yale yalikuwa kwenye karatasi tu. Mkaguzi anayesoma maelezo yote anaguswa na sini ambayo mtazamaji hataiona kamwe. Kwa sini yetu, msikilizaji atajibu vizuri swali la kwanza na la pili, maana kila kitu kimetamkwa. Kwa la tatu atasema hakuna kilichobadilika.

Hatua ya pili: pima maelezo kwa vitenzi vyake

Kiswahili kinatupa kipimo rahisi hapa, nacho ni viambishi vya wakati. Maelezo ya kitendo huandikwa kwa *-na-*: anaingia, anafunga, anasogeza. Pitia maelezo na penseli nyekundu, uzungushie kila kitenzi kisicho na *-na-*.

Ukikuta *-li-*, kama "alivyompenda", hiyo ni historia, na kamera haipigi picha historia. Ukikuta "amekuwa aki-" au *hu-* ya mazoea ("humpelekea mama chai kila asubuhi"), hilo ni jambo la siku nyingi, na sini ni ya jioni moja. Kwenye *-me-* uwe mwangalifu, kwani inapita pale inapoonyesha hali inayoonekana: ameketi, amevaa, ameshika. "Ameketi kwenye kochi" ni picha kamili. "Amevumilia" si picha.

Kisha zungushia vitenzi vya kichwani hata vikiwa na *-na-*: anakumbuka, anajuta, anahisi, anatambua, anaamua. Hapa ndipo wakaguzi wengi wanapozidisha ukali. Si kila neno la hisia ni kosa. "Anachelewa kujibu" au "anajizuia kucheka" mwigizaji anaweza kukifanya sasa hivi na kikaonekana usoni. "Anahisi uchungu wa miaka yote" hawezi, maana hiyo miaka haimo chumbani. Jiulize kama mwigizaji atajua mwili wake ufanye nini muongozaji akisema "haya, anza". Akiweza, acha neno. Jina na umri navyo acha, ni vya timu, ingawa ukumbuke kwamba mtazamaji hatalijua jina mpaka mtu alitamke.

Kwenye maelezo ya sini yetu zinatoka taarifa tano: baba alimpenda Elisante zaidi, Elisante hakuja mazishini, Ndeshi ni mwalimu, amemuuguza mama miaka minne, na amevumilia. Usizifute. Ziandike pembeni, moja kwa kila mstari, na utaamua hatima yake baadaye: igeuzwe kitu au sauti, ihamie sini nyingine, au iachwe kabisa.

Yapo pia maelezo yanayoonekana vizuri kwenye karatasi lakini mahali penyewe panayakatalia. Kwa Moshi na vitongoji vyake kuna mawili yanayojirudia sana. La kwanza ni "nyuma yao Kibo kinaonekana wazi", na kichwa cha sini kinasema NJE, MCHANA. Kibo ni kilele cha Kilimanjaro, na mlima huo hujifunika mawingu kwa sehemu kubwa ya mchana, na mara nyingi hujitokeza alfajiri au jua likikaribia kuzama. Timu itakaa siku tatu ikisubiri kilele, chakula na usafiri vikilipiwa. Andika ALFAJIRI, au andika sini isiyohitaji mlima. La pili ni mvua kubwa na wahusika wanaonong'ona ndani ya nyumba ya bati. Bati likipigwa na mvua maikrofoni haipati kitu zaidi ya mvua, na mazungumzo yote itabidi yarudiwe studio. Ikiwa mvua ni ya lazima, ipigwe picha bila maneno, au waongee imeshapungua na maji yanadondoka kwenye ukingo wa paa.

Hatua ya tatu: tafuta mvutano ulipolala

Chukua penseli ya bluu. Pembeni ya kila mstari wa mazungumzo andika kitenzi kimoja kinachosema mhusika anamfanyia nini mwenzake: anaomba, anatishia, anabembeleza, anakwepa, anamwaibisha, anapima. Usiandike anachokisema, andika anachokifanya kwa kukisema. Kwa sini yetu pambizo litasomeka hivi: anaarifu, anaarifu, anadai, anakataa, anadai, anakataa, anatukana, anatukana.

Kitenzi kilekile kikirudi mara ya pili bila kitu kipya kuingia, mvutano umelala. Watu wanagombana, ndiyo, na mwigizaji atapandisha sauti ili kuuokoa, lakini kelele haziongezi kitu. Ndeshi hana sababu ya kukubali sasa kuliko alivyokuwa nayo dakika moja iliyopita, na Elisante hajabadili silaha.

Chanzo huwa ni lengo kubwa mno. "Kuuza kihamba" haliwezi kufanyika sebuleni jioni ile, kwa hiyo wahusika hawana la kufanya ila kulijadili. Muulize mwandishi hivi: Elisante anataka aondoke chumbani na nini mkononi? Jibu liwe kitu kinachoshikika au tendo linaloonekana.

Kwa jambo la urithi jibu lipo karibu. Familia inapopendekeza msimamizi wa mirathi, hukaa kikao na kuandika muhtasari, wahudhuriaji wanausaini, na Mahakama ya Mwanzo huutazama inapoombwa kumteua. Elisante anataka sahihi ya Ndeshi kwenye muhtasari unaompendekeza yeye. Sasa kuna karatasi, kuna kalamu, kuna mstari mtupu. Mkaguzi asisahau kuhakikisha jambo lenyewe halipotoshwi: msimamizi hawi mmiliki wa mali, na anayepinga anaweza kuweka pingamizi mahakamani. Mhusika akisema "ukisaini tu kihamba ni changu", ama ajulikane anadanganya, ama mstari urekebishwe.

Baada ya lengo, tafuta kikwazo kinachowabana wote wawili. Katika rasimu wangeweza kupiga kelele usiku kucha bila hasara. Weka mama mgonjwa chumba cha pili, mlango ukiwa na upenyo, na hapohapo ugomvi lazima uende kwa kunong'ona. Taarifa moja iliyokuwa imezungushiwa nyekundu, ya kuuguza, imepata pa kukaa bila kutamkwa.

Mwisho, mpe kila mmoja silaha zaidi ya moja. Elisante anaweza kuanza na ukubwa wake, akahamia ahadi, akaishia na isale. Kwa Wachaga jani la isale hupelekwa kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Akiliweka mezani juu ya karatasi, ameugeuza msamaha kuwa shinikizo. Mtazamaji wa Mtwara huenda hajui isale ni nini, na hapo ndipo mwandishi anaposhawishika kumfanya mtu aeleze. Asieleze. Ndeshi akirudi nyuma hatua moja baada ya kuona jani, mtazamaji ataelewa kwamba kitu kizito kimewekwa mezani, na hilo linamtosha kuifuata sini.

Hatua ya nne: sasa shika maneno

Penseli ya kijani ni ya mazungumzo. Kwa kila sentensi uliza kama anayeambiwa anajua tayari. Dalili zake zinajulikana: "kama unavyojua", "si unakumbuka", "tangu baba afariki mwaka jana", na ule mwito mrefu wa "mdogo wangu Ndeshi". Dada hahitaji kuambiwa kwamba baba yao amefariki.

Hata hivyo, kujua tayari si sababu ya kutosha ya kufuta. Watu wa nyumba moja hukumbushana mambo kila siku, ila hukumbushana ili kuumiza, kudai au kujitetea. Linganisha "mimi ndiye ninayemtunza mama" na hili: Ndeshi anasukuma mezani pakiti tatu za dawa na kuuliza, "Saa mbili hii anameza ipi, kaka?" Taarifa ni ileile. Katika la pili Elisante lazima ajibu, na hawezi.

Udugu nao una njia fupi. Mdogo humwita mkubwa "kaka", mkubwa humwita mdogo kwa jina, na umri unajulikana hapohapo. Tatizo ni kwamba "kaka" tunamwita pia muuza vocha. Likisikika mara moja tu, baadhi ya watazamaji watadhani ni mgeni, kwa hiyo liunge mkono na jambo jingine, kwa mfano wote wawili kumwita mtu mmoja mama.

Salamu nayo ni chombo ambacho waandishi wanakitupa. Ndeshi anayemfungulia mlango kaka aliyemzidi miaka kumi na miwili na hampi shikamoo ameshasema mengi. Salamu isiyotolewa inasikika kwa Mswahili yeyote, kuanzia Moshi hadi Kigoma.

Kisha hesabu taarifa zote, za kwenye maelezo na za midomoni, na uulize ipi ikikosekana sini inayofuata haitaeleweka. Hapa zinabaki nne: hawa ni ndugu, sahihi ya Ndeshi inatafutwa, Elisante ana deni, Ndeshi ndiye anayeuguza. Dar es Salaam, vipuri, mapenzi ya baba, mazishi na ualimu vyote vinasubiri. Nia ya kuuza nayo itoke humu. Iende sini ya nyuma, Elisante akimtazama mtu mgeni akikipima kihamba kwa hatua kati ya migomba. Picha hiyo haihitaji neno.

Sini baada ya marekebisho

NDANI. SEBULE, NYUMBANI KWA MAMA, MARANGU – USIKU

Mezani: MUHTASARI WA KIKAO CHA FAMILIA. Sahihi nne. Mstari wa tano mtupu, kalamu juu yake. ELISANTE (42) ameketi ukingoni mwa kochi, koti hajavua.

NDESHI (30) anatoka chumbani na pakiti za dawa. Anarudisha mlango taratibu, anaacha upenyo. Hamsalimii.

ELISANTE: Amelala?

NDESHI: Ndiyo kwanza anapitiwa.

Elisante anasogeza karatasi upande wa Ndeshi.

ELISANTE: Baba mdogo ameshasaini. Umebaki wewe.

Ndeshi anapanga pakiti tatu juu ya karatasi, zinafunika sahihi.

NDESHI: Saa mbili hii anameza ipi, kaka?

Elisante anazitazama. Hagusi hata moja.

ELISANTE: Nitamtafutia mtu wa kumwangalia.

NDESHI: Kwa hela ipi?

Simu ya Elisante inatetemeka mezani. Kwenye kioo: BENKI – MKOPO. Anaigeuza kifudifudi. Wote wanaisikiliza mpaka inyamaze.

Elisante anatoa jani la isale mfukoni mwa koti. Anaondoa pakiti moja moja, analilaza jani juu ya karatasi. Ndeshi anarudi nyuma hatua moja.

NDESHI: (kwa kunong'ona) Usinifanyie hivyo.

MAMA: (sauti, kutoka chumbani) Ndeshi? Uko na nani?

Elisante anaweka kidole mdomoni. Ndeshi anamtazama. Anachukua kalamu, anaitia mfukoni mwa gauni.

NDESHI: Ni Elisante, mama. Amekuja kukusalimia.

Andika tena vitenzi pambizoni: anapima hali, anamzuia, anabana, anamwaibisha, anaahidi, anamfichua, anamwekea mtego kwa jani, anasihi, anamtoa hadharani. Hakuna kinachojirudia, na mwenye nguvu mwishoni si yule wa mwanzoni. Elisante aliingia kwa siri, sasa itabidi aingie chumbani kwa mama. Hiyo ndiyo sini inayofuata, na imejiita yenyewe.

Kichwa kimebadilika kutoka JIONI kuwa USIKU kwa sababu ya dawa ya saa mbili, na jambo hilo lina faida uwanjani. Huku kwetu giza huingia haraka jua likishazama, na mwanga wa jioni dirishani hautavumilia marudio ya sini yenye vitendo vidogo vingi kiasi hiki. Usiku unawashwa taa na unabaki vilevile mpaka mtakapomaliza.

Kuipima upya

Rudia usomaji wa hatua ya kwanza, na msikilizaji awe mwingine, kwani yule wa kwanza anajua mno. Weka saa tena, ila sasa msomaji wa maelezo avitende vitendo badala ya kuvisoma: apange pakiti, aache simu itetemeke, alilaze jani. Mistari ya mazungumzo imebaki karibu ileile, lakini muda utaongezeka kwa sababu ya vitendo na kimya. Andika muda huo juu ya karatasi, maana prodyuza anayehesabu siku za kupiga picha kwa kurasa atadhani sini hii ni fupi kuliko ilivyo.

Msikilizaji mpya akikwama, angalia amekwama wapi kabla ya kuongeza neno. Asipojua karatasi ni ya nini, tatizo ni la picha: kichwa cha muhtasari kionekane kwa karibu kabla mtu hajaongea. Asipojua kwamba ni ndugu, ongeza "kaka" moja au mwache Elisante aseme "mama" mahali fulani. Akielewa yote lakini hakujali nani atashinda, rudi kwenye penseli ya bluu. Na zile taarifa zilizobaki pembeni mwa ukurasa, ya mazishi na ya baba, zipeleke na karatasi yake kwenye ukaguzi wa sini inayofuata, kwa sababu mama akimwona Elisante mlangoni huenda hilo la mazishi likawa jambo la kwanza kumuuliza.